Kiti cha Nyuma ya Dereva, Nguzo ya Mzee, Ukuta wa Kushoto

Ninafundisha Kiswahili katika shule ya kutwa karibu na Ahero, na nyumbani kwangu ni Kaloleni, Kisumu. Kila siku ya kazi napanda matatu mara mbili, na kila mara nikiweza nakaa kiti kile kile: safu ya kwanza nyuma ya dereva, dirishani, upande wa kulia. Makanga wa stendi wananijua. Kuna mmoja akiniona kwa mbali huwaambia wenzake, "Mwalimu anakuja, mwachieni hapo kwa dere."

Asubuhi moja nilikuta gari la kwanza limebakisha nafasi tatu, zote nyuma. Nikasema nitangoja linalofuata. Lilipoanza kujaza, mama mmoja mwenye beseni la omena akanitangulia, akakaa pale. Nikangoja la tatu. Nilifika shuleni kengele imeshalia, darasa zima limetulia linanisubiri, na nilipokuwa nikiandika tarehe ubaoni swali likanijia: nilikuwa nikingoja nini hasa pale stendi dakika 25? Magari yote yalikuwa yakienda Ahero. Nauli ni ile ile.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwatazama watu na viti vyao, nikianza na mimi mwenyewe. Nilichojifunza kimenisaidia kumwelewa mtoto mmoja ambaye nilikuwa nimemkosea kwa muhula mzima bila kujua, na ndiyo sababu naandika. Lakini nianze na matatu.

Kwa miaka mingi, ukiniuliza, ningekujibu kwamba nakaa nyuma ya dereva kwa usalama. Ndilo jibu nililokuwa nalo, na nililiamini. Kumbe sababu ya kwanza ilikuwa jua. Barabara ya kutoka Kisumu kwenda Ahero, kupitia Nyamasaria na Rabuor, inaelekea mashariki na kukata kidogo kusini. Ukiondoka asubuhi, jua linachomoza mbele yako upande wa kushoto. Jioni ukirudi, linashuka kuelekea ziwani, na kwa kuwa sasa umegeuka, liko tena mbele yako upande wa kushoto. Anayekaa kulia anapata kivuli safari zote mbili. Mtu aliyepanda gari hilo mwezi mmoja mwili wake unalijua jambo hili hata kama kichwa hakijawahi kulifikiria.

Nililitambua kwa sababu ya Kakamega. Nina dada anayeishi huko, na nikimtembelea huondoka Jumamosi asubuhi. Barabara hiyo inapanda kaskazini, kupitia Kiboswa na Chavakali, kwa hiyo jua la asubuhi linaingia kulia. Na bado, kila Jumamosi niliyosafiri, nilikwenda moja kwa moja nyuma ya dereva, dirishani, nikachomwa shavu na sikio hadi Chavakali huku nimejikinga kwa gazeti. Upande wa pili wa gari kulikuwa na kivuli na nafasi. Sikuiona. Miguu ilikuwa imenifikisha kwenye kiti kabla sijaamua chochote.

Hapo nikaelewa jambo la kwanza. Mtu huchagua kiti kwa sababu mara moja tu, au mara mbili tatu. Baada ya hapo sababu inaweza kufa na kiti kikabaki. Siku ya kwanza unapoingia mahali pageni una kazi nyingi kichwani: upepo wa dirishani, jua, nani kakaa wapi, nani anaweza kukusumbua, utashukaje bila kuwakanyaga watu. Ukikaa mahali na safari ikaisha salama, siku ya pili kazi hiyo yote huirudii. Unajua kwamba hapo palikuwa sawa, na hilo linatosha. Sehemu nyingine yoyote ingekudai ufikiri upya, na saa 12 na nusu asubuhi ni nani ana nguvu hiyo?

Jambo la pili lilinichukua muda zaidi kuliona: kiti hakiwi chako kwa kukikalia peke yake. Huwa chako wengine wakikubali. Yule makanga anayesema "mwachieni" ndiye aliyekifanya changu kuliko mimi. Mwaka 1969 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Sommer na Franklin Becker, waliandika kuhusu majaribio yao katika sehemu za kusomea. Waliacha vitu kwenye kiti kitupu ili kionekane kina mwenyewe, kisha mtu wao akaja kutafuta mahali pa kukaa. Waliona kwamba koti au vitabu vya mtu vinalinda nafasi vizuri kuliko kitu kisichoonyesha mwenyewe. Kilichonigusa zaidi ni jirani. Aliyeketi karibu na nafasi hiyo, akiulizwa kama kuna mtu, alishika jukumu la kumlinda mtu asiyemjua, ingawa hakuna aliyemwomba. Tulio kwenye matatu za kila siku tunalijua hili. "Hapo kuna mtu, ameenda kununua maji." Mara ngapi umesema hivyo kwa niaba ya mtu usiyemjua hata jina?

Wanaokumbuka matatu za kabla ya Februari 2004, zile kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilipoanza kutekelezwa, wanajua pia kwamba kiti cha kudumu kinahitaji kwanza kuwe na kiti. Wakati ule safu ya watu 3 ilibeba 4 na zaidi, wengine wameinama mlangoni. Hukuwa na mahali pako, ulikuwa na mahali ulipoangukia. Baada ya kila abiria kupewa kiti na mkanda wake, ndipo mazoea haya yalipopata pa kuota. Mimi mwenyewe nilianza kuwa na "kwangu" miaka hiyo.

Sasa msikitini, ambako jambo hili lina uzito mwingine.

Katika msikiti wetu wa mtaa kuna nguzo nne. Kwenye nguzo ya pili, upande wa kulia, alikuwa akikaa mzee mmoja aliyekuwa fundi cherehani. Alikuwa hapo tangu nikiwa mtoto wa madrasa. Kati ya Maghribi na Isha aliegemeza mgongo kwenye nguzo hiyo, miguu ameinyoosha, tasbihi mkononi. Rangi ya nguzo, kwenye usawa wa mabega yake, ilikuwa imefifia na kulainika kama mpini wa jembe la zamani.

Ramadhani moja, nikiwa kijana niliyetoka tu chuo cha ualimu, nilifika mapema kwa ajili ya Tarawehe nikakaa pale. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuta nafasi, nikakaa. Mzee akaja. Alisimama hatua mbili kutoka kwangu, akatazama chini, kisha akageuka akaenda safu ya nyuma kabisa karibu na viatu. Hakusema neno, na hakuna mtu aliyenifukuza. Lakini majirani wote wawili, wa kulia na wa kushoto, walinitazama. Sijapata kutazamwa vile msikitini tangu hapo. Baada ya sala mmoja akaniambia kwa upole, "Mwanangu, pale ni pa mzee."

Nilichukia. Nikaenda kwa imamu nikamuuliza kama msikiti una wenyewe. Alinijibu kwa utulivu na kunipa mambo ambayo nimeyakumbuka maisha yangu yote. Kwanza alinikumbusha hadithi ambayo Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza mtu kujitwalia mahali msikitini kama ngamia anavyojitwalia mahali pake pa kulala. Ngamia akishazoea mahali hataki pengine, na akimkuta mwenzake pale patakuwa na ugomvi. Pia Mtume alikataza mtu kumwinua mwenzake ili akae alipokuwa amekaa. Kwa hiyo, akasema, mzee hakuwa na haki ya kukuinua, na ndiyo maana hakukuinua.

Kisha akanipa upande wa pili. Sahaba Salama bin Al-Akwa alikuwa akiitafuta nguzo maalumu katika msikiti wa Madina ili asali karibu nayo. Alipoulizwa, akasema alimwona Mtume mwenyewe akiitafuta nguzo hiyo. Na mtu akiinuka mahali pake kwa haja kisha akarudi, yeye ana haki zaidi ya mahali hapo. "Sasa tazama," imamu akasema, "tatizo la ngamia ni kwamba anapataka pale hata kwa ugomvi. Mzee wako anapapenda, lakini alipokukuta akaenda nyuma. Hiyo ndiyo tofauti." Akaongeza kwamba hata sisi baada ya sala ya faradhi tunapendekezewa kusogea kidogo ndipo tusali sunna, ili tusigande mahali pamoja.

Baadaye ndipo nilipojua habari za magoti ya mzee. Kuinuka kutoka kwenye sijda bila kitu cha kushika kulikuwa kunamuumiza. Ile nguzo ilikuwa mkono wa kumsaidia kusimama. Usiku ule wa Tarawehe, nyuma karibu na viatu, alisali rakaa zote bila pa kushika. Nilikuwa nimedhani nakalia mazoea ya mtu, kumbe nimekalia fimbo yake.

Mwaka 2020 misikiti na makanisa yalifungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, na Julai ikaruhusiwa kufunguliwa kwa masharti: watu wasiozidi 100, ibada isiyozidi saa moja, kila mmoja mbali na mwenzake, na waliozidi miaka 58 wabaki nyumbani. Vijana wa kamati walibandika alama kwenye zulia, na alama zile hazikujali mazoea ya mtu yeyote. Siku ya kwanza kila mmoja alisimama mlangoni akitazama kama mgeni. Lakini baada ya wiki moja au mbili nikaona watu wamerejea, si pale pale, bali alama iliyo karibu zaidi na pale pale. Aliyekuwa akikaa chini ya feni alichukua alama iliyo karibu na feni. Waliozoea kusali bega kwa bega walichagua alama mbili zinazofuatana. Kulikuwa na alama moja kando ya nguzo ya pili. Nafasi zilikuwa chache na watu walikuwa wakirudishwa mlangoni, kwa hiyo kila siku mtu alilazimika kusimama pale. Ila nilichokiona ni kwamba ilijazwa mwisho. Kila aliyeingia aliitazama, akaipita, akatafuta nyingine kwanza. Mzee hakuwepo na kila mtu alijua hatakuja, na hata hivyo majirani zake walikuwa wakimshikia mahali.

Hayo yote nilikuwa nayo kichwani nilipoingia darasani mwaka 2022. Na hata hivyo nilikosea.

Kidato cha 2 kilikuwa na wanafunzi 46, madawati ya mtu mmoja mmoja, safu sita kutoka dirishani hadi ukuta wa mlango. Mwanzoni mwa mwaka wanafunzi walijipangia wenyewe. Muhula wa 2 nilipopewa kuwa mwalimu wa darasa, niliona kelele zinatoka kwenye makundi fulani, nikaamua kulivunja lile umbo. Nikawapanga upya kwa orodha ya majina, herufi kwa herufi. Kwangu ilikuwa kazi ya dakika 15. Kwao, kama nilivyokuja kuelewa, ilikuwa kuhamishwa kijiji.

Kuna kijana nitamwita Otieno, ingawa silo jina lake. Muhula wa kwanza alikaa upande wa kushoto ukitazama ubao, begani mwake kuna ukuta wenye madirisha. Orodha yangu ilimpeleka upande wa pili kabisa, bega la kulia likigusa ukuta wa mlango. Hakulalamika. Ila kila nilipochelewa kuingia nilimkuta amehamia kushoto, kwenye dawati la yeyote ambaye hakuja siku hiyo. Nilimrudisha mara tatu. Mara ya nne nilimkaripia mbele ya wenzake, nikamwambia ana ukaidi. Aliinuka akarudi mlangoni, na nadhani tangu hapo hakuinua mkono hadi muhula ulipoisha.

Alama zake za imla zilianza kushuka. Utungaji wake ulikuwa mzuri kama zamani, ufahamu wa kusoma vizuri, lakini nikisoma kwa sauti na wao waandike, alikosa maneno mazima. Si tahajia, bali maneno. Aliandika "kuta" niliposema "kutwa", na "bado" niliposema "mbao". Nilimwona pia akitazama daftari la jirani, nikadhani anaiba.

Wakati huo huo nilikuwa nimeanza kuchora ramani ya darasa, kwa udadisi wangu tu wa mambo ya viti. Kilikuwa kipindi cha jioni cha kujisomea, saa ambayo niliwaruhusu kukaa wanapotaka. Kila jioni nilichora safu kwenye ukurasa wa daftari na kuandika nani yuko wapi. Siku tatu za kwanza ramani zilitofautiana sana. Wiki ya pili ilipoisha, karibu ningeweza kuijaza kabla hawajaingia. Jambo hilo sikushangaa nalo. Kilichonifundisha ni zile siku ambazo mambo yaliharibika: mtu hakuja, dawati limevunjika, mvua imeingia dirishani. Siku hizo ndipo unaona mtu anang'ang'ania nini hasa.

Wasichana wawili walikaa pamoja safu ya tatu siku zote. Mmoja alipougua, mwenzake hakubaki pale, alihamia kwa rafiki mwingine. Kwa hiyo hakushika kiti, alishika jirani. Kijana mmoja mrefu wa nyuma alibaki nyuma hata dawati lake lilipochukuliwa, akahamia dawati lolote la nyuma. Yeye alishika mgongo wa darasa, mahali ambapo hakuna anayemlalamikia kwamba anaziba ubao. Mwingine alikaa katikati kabisa, nikamuuliza kwa nini, akafikiri, akasema, "Mwalimu, siku ya kwanza nilichelewa, hapo tu ndipo palikuwa pamebaki." Alikuwa amekaa hapo miezi mitano bila sababu nyingine yoyote. Wapo wengi kama yeye, na ni vizuri kulikumbuka hilo kabla hujaanza kutafuta siri nyuma ya kila kiti.

Otieno, katika ramani zote za jioni, alikuwa kwenye safu ya madirisha. Mara dawati la pili, mara la tano, mara la mwisho, mara karibu na rafiki, mara na mtu asiyezungumza naye. Mvua ilipoingia na wote wakalikimbia dirisha, yeye alisogeza dawati nusu hatua, akabaki. Nilizipanga kurasa zile mezani nyumbani nikamfuata kwa kalamu nyekundu. Hakushika kiti wala rafiki. Alikuwa ameshika ukuta, na ukuta wa upande mmoja tu, kwa sababu ule wa mlango nao ni ukuta na alikuwa akiukimbia.

Nilibaki na swali hilo siku kadhaa bila jibu. Jibu lilikuja uwanjani. Walikuwa wakitoka kwenye michezo, yeye akiwa peke yake ananipa ubavu wa kushoto, umbali wa kama mita 10. Nikaita jina lake. Alisimama mara moja, kwa hiyo alisikia. Lakini aligeuka kulia, upande ambao hapakuwa na mtu, akatafuta kwa macho, kisha akazunguka mwili wote ndipo akaniona.

Ilibidi nisimame pale kidogo. Anayesikia kwa masikio mawili hujua sauti imetoka wapi kwa sababu inafika sikio moja mapema kidogo na kwa nguvu zaidi kuliko jingine. Anayesikia kwa sikio moja hana cha kulinganisha. Sauti yote kwake inatokea upande wa sikio zima. Niliporudi ofisini nikachora darasa tena. Kama sikio la kushoto halisikii, basi akikaa safu ya madirisha sikio bovu linaelekea ukutani ambako hakuna cha kusikia, na sikio zima la kulia linalikabili darasa lote na mwalimu. Mimi nilikuwa nimelipeleka sikio zima kwenye ukuta wa mlango, nikayaacha maneno yangu yote, na majibu ya wenzake wote, yaangukie sikio lisilosikia. Kwenye daftari la jirani alikuwa akitafuta neno lililompita.

Nilimwita faraghani. Nilimuuliza bila kuzungusha, akatikisa kichwa kukubali kabla sijamaliza. Kwa nini hukusema? Akanieleza kwamba shule ya msingi walimpa jina kwa sababu ya sikio hilo, na alipokuja sekondari aliamua hapatakuwa na mtu atakayejua. Ukuta wa madirisha ndio uliomsaidia kutunza siri. Aliukuta mwenyewe, hakufundishwa na mtu.

Mama yake alikuja wiki ile ile. Alisema, "Mwalimu, lilikuwa likitoa usaha tangu akiwa mdogo. Lilipokauka tukasema amepona. Lakini huyu akitaka usingizi mzuri hulalia sikio la kulia, na hapo hata umwite vipi hasikii." Yeye alilijua jambo zima kwa jinsi mtoto anavyolala. Mimi nilikuwa nalo katika ramani 20 za kukaa na sikulisoma. Nilimwomba ampeleke kliniki ya masikio, pua na koo, na walipokwenda waliambiwa ngoma ya sikio la kushoto imetoboka, na kwamba lisiingie maji wakati wanapanga matibabu. Hayo ni ya daktari. Langu lilikuwa dawati.

Kumrudisha kushoto kulinipa shida ndogo. Nikimhamisha peke yake, darasa lingeuliza kwa nini, na siri aliyoilinda tangu aingie sekondari ingekuwa mezani. Kwa hiyo Jumatatu nikawaambia wote: leo kila mmoja achague dawati lake, na akishachagua nitaliandika. Nikatoka nje makusudi ili nisiwe nawatazama. Nilisikia madawati yakiburuzwa na kelele, kisha kimya.

Nilipoingia, wengi walikuwa wamerudi karibu na walipokuwa mwanzoni mwa mwaka. Otieno alikuwa dawati la tatu, safu ya madirisha. Nilipoanza kusoma imla niliona kitu ambacho ramani zangu hazikuwa zimeonyesha. Kijana wa dawati la nyuma yake, ambaye hawakuwa marafiki sana, alivuta dirisha lililo begani mwa Otieno akalifunga, kelele za lori barabarani zikapungua. Hakuulizwa na mtu. Alilifunga kama mtu aliyelizoea, na Otieno hakugeuka. Kwa hiyo kulikuwa na mmoja aliyejua, tangu siku nyingi, na alikuwa amenyamaza.

Nikarudia sentensi ya kwanza, polepole, nikiwa nimesimama upande wake wa kulia.